Akaunti imefungiwa tredi, dola 640 zimekwama ndani na sijawahi kugusa chiti. Nimekosea wapi?

Kibao_Tanga #1

Wakuu habari. Niende moja kwa moja maana leo ni siku ya tano sijalala vizuri.

Nacheza CS2 toka ikiitwa CSGO, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa ndiyo inayonilipia chumba na bando. Kazi zangu ni mbili. Moja nafundisha watu: mteja ananitumia demo ya mechi aliyopigwa, tunakaa Discord tunaiangalia wote, namwonyesha pale anapojichimbia kaburi, dola 8 kwa saa. Ya pili nanunua skini, yale mapambo ya bunduki na visu vya ndani ya gemu, na kuuza. Mfano mwezi uliopita nilichukua AWP Asiimov kwa dola 118 kwenye tovuti moja ya kuuziana kwa pesa taslimu, nikasubiri siku 7 za kufuli, nikaiuza 127, tovuti ikakata asilimia 2 yake, nikabaki na faida ya dola 6 na senti kidogo. Ndogo ndogo hizo hizo ndiyo maisha.

Sasa Jumatatu naamka nimtumie mtu mzigo wake, Steam inagoma. Akaunti haitumi, haipokei, sokoni haiuzi. Gemu naingia fresh kabisa, kisu nakizungusha mkononi kama kawaida, ila hakitoki nje. Mle ndani kuna mali ya dola 640 hivi na siyo zote zangu.

Chiti sijawahi kutumia maisha yangu yote. Mwenye uzoefu anisaidie, hii ni nini na inatoka vipi?

Mchawi_wa_Bando #2

Kwa hiyo una kisu cha laki kadhaa hakikati hata nyanya, na sasa hata kuuza huwezi. Pole sana mkuu, ngoja waje wataalamu.

Kobe_Mkavu #3

Hiyo ni VAC tu hakuna lingine. Umesema unafundisha, bila shaka unafungua sava yako ya mazoezi na unaandika ile `sv_cheats 1` ili mwanafunzi aone bomu la moshi linakoangukia. Neno lenyewe lina cheats ndani yake, mfumo ukiliona mara nyingi unakuweka kwenye listi. Jamaa yangu Mwenge alikula bani hivyo hivyo.

DogoKonami #4

Wakuu samahani, na mimi nina akaunti ya eFootball, ina wachezaji wakali kibao, mtu ananipa laki na nusu. Nikimuuzia nitafungiwa au niko salama?

MzeeWaFloti #5

Kibao pole. Niko Nairobi, hii mambo ya skini nimefanya tangu zile zimeanza, 2013, na nimeona akaunti zikifa kwa kila njia. Kabla watu hawajaanza kubahatisha kama Kobe hapo juu, tujue kwanza ni bani gani maana ziko aina tatu na kila moja ina chanzo chake. Kuna VAC, hiyo ni ya chiti. Kuna ile ya jamii, unanyimwa kukomenti na kila kitu. Na kuna ya uchumi, inagusa tredi na soko peke yake. Dalili zako zinakaa hiyo ya tatu lakini dalili zinadanganya, kwa sababu VAC pia inafungia skini za gemu husika.

Fungua kivinjari uulize mfumo wenyewe:

```
https://api.steampowered.com/ISteamUser/GetPlayerBans/v1/?key=UFUNGUO_WAKO&steamids=NAMBA_YAKO
```

Ufunguo wa API unajitengenezea kwenye ukurasa wa Steam ukiwa umeingia. Weka hapa jibu tu.

Kobe_Mkavu #6

Wadau kuweni macho!! Huyu anamwambia mtu atengeneze ufunguo wa API, ndiyo njia wanayoibia watu skini hiyo. Kibao usifanye.

MzeeWaFloti #7

Kobe safari hii uko sawa nusu. Wizi wa ufunguo upo na umemaliza watu. Mwizi anakuletea linki ya mashindano feki, unaingiza nywila, yeye anatengeneza ufunguo kwa jina lako bila wewe kujua. Siku unamtumia mteja mzigo, roboti lake linafuta ofa ya kweli na kuleta nyingine kutoka akaunti yenye jina na picha ile ile, wewe kwa haraka unakubali kwenye simu. Ndiyo maana nimesema weka JIBU, ufunguo kaa nao, na ukimaliza uufute. Tena ukienda kuutengeneza ukakuta tayari kuna mmoja ambao hukuutengeneza wewe, basi rudi utuambie haraka, maana hiyo ni stori nyingine kabisa.

Na hiyo ya `sv_cheats` hapana. Hiyo ni amri ya gemu lenyewe, inafanya kazi kwenye sava unayoimiliki, makocha wote wanaitumia. VAC inatafuta programu ya nje inayoingilia gemu.

Kobe_Mkavu #8

Sawa mtaalamu, mbona 2023 watu wa kadi za AMD walipigwa VAC na hawakuwa na chiti yoyote?

MzeeWaFloti #9

Hiyo ni kweli na nakupa pointi. Oktoba 2023 draiva ya AMD ilileta kitu inaitwa Anti-Lag+, ikawa inaingiza mkono ndani ya mafaili ya gemu ili kupunguza uchelewaji, VAC ikaona kama chiti. AMD wakaiondoa, na waliopigwa kwa sababu hiyo wakafunguliwa. Kwa hiyo wanaosema VAC haifutwi milele wanasahau hiyo. Lakini ilifutwa kwa sababu kosa lilikuwa la mtambo na la watu wengi kwa mpigo. Wewe peke yako ukienda kulia huko hakuna anayekusikiliza.

Kibao_Tanga #10

Ahsante Mzee. Nimekuta hakuna ufunguo wowote wa zamani. Nimeutengeneza, nimeuliza, nimeufuta. Namba yangu nimeitoa:

```
{"players":[{"SteamId":"xxxxx","CommunityBanned":false,
"VACBanned":false,"NumberOfVACBans":0,"DaysSinceLastBan":0,
"NumberOfGameBans":0,"EconomyBan":"banned"}]}
```

MzeeWaFloti #11

Haya. VAC ni `false`, yaani hujapigwa, na bani ya gemu sifuri. Kobe kapumzike. `EconomyBan` ingeandika `probation` ungekuwa chini ya uangalizi tu, `none` ungekuwa huru. Wewe iko `banned`. Hiyo haitokani na jinsi unavyocheza, inatokana na mali au pesa iliyopita mikononi mwako. Sasa tuambie mali inatoka wapi.

ShangaziPikseli #12

Naomba niingilie hapo kwenye mali, mimi kazini ni mtu wa vitabu vya hesabu na skini nilifanya miaka miwili nikaacha.

Kibao, mtaji wako ni kama dola 640. Unanunua, siku 7 kufuli. Unauza, na toka Julai 2025 walipoleta ule ulinzi wa kurudisha tredi, tovuti nyingi zinashikilia pesa ya muuzaji mpaka siku 7 zipite kwa sababu mtu anaweza kubatilisha. Kwa hiyo mzunguko mmoja ni nusu mwezi ukiwa na bahati. Faida yako ya AWP ilikuwa kama asilimia 5 na nusu. Mizunguko miwili kwa mtaji wote ni dola 70 kwa mwezi, na hapo hujanunua kitu kikashuka hata mara moja, na hujatoa makato ya kubadilisha USDT mpaka iingie kwenye simu. Chumba na bando hapo hapo?? Kuna pesa nyingine haujaisema, ama ni ya kufundisha ama ni ya kitu kingine.

Mchawi_wa_Bando #13

Shangazi kama TRA vile 😂😂

Kibao_Tanga #14

Kufundisha ni kama saa 20 kwa mwezi, dola 160. Wateja wangu wengi wako Muscat na Dubai, tunacheza sava ya Dubai, na wale wa Muscat wengi wazee wao ni wa Zanzibar kwa hiyo tunaongea Kiswahili mwanzo mwisho.

DogoKonami #15

Mbona hamnijibu kuhusu eFootball

ShangaziPikseli #16

Dogo, masharti ya gemu karibu zote yanakataza kuuza akaunti, kwa hiyo yakitokea ya kutokea wewe na mnunuzi wako wote hamna pa kulalamika. Lakini tatizo kubwa huko kwenu siyo bani, ni muuzaji kuirudisha akaunti baada ya kulipwa kwa sababu barua pepe ya mwanzo ni yake. Wewe ukiwa muuzaji mnunuzi atakuogopa, na ana haki. Sasa tuachie uzi wa mwenzio.

Kibao hiyo 160 naikubali. Maana yake kumbe ufundishaji ndio ulikuwa unakulisha, skini zilikuwa zinakupa stresi tu.

Nahodha_Muscat #17

Assalaam alaykum. Mimi ni mmoja wa hao wa Muscat. Kibao, nimeona uzi huu kwa bahati tu nimetumiwa na binamu yangu. Umesema ndani kuna mali "siyo zote zangu". Glovu zangu nilizokupa uniuzie ziko humo?

Mchawi_wa_Bando #18

Uuuuwi

Kibao_Tanga #19

Wa alaykum salaam kaka Nahodha. Ziko humo. Nilikuwa nakutafutia maneno ya kukwambia, wallahi sikuwa nakukimbia. Thamani tulikubaliana dola 96 na hilo deni ni langu, sibishi.

Nahodha_Muscat #20

Sikudai mbele za watu, nimeuliza tu. Lakini na mimi nina jambo. Kumbukeni mwezi wa nane niliomba aniinue daraja, akaingia kwenye akaunti yangu akacheza mechi kama tisa. Haiwezi kuwa hiyo? Nilisikia namba ya simu ikiunganishwa na akaunti mbili moja ikipigwa zote zinapigwa.

MzeeWaFloti #21

Ya namba ya simu ni kweli. Ukipigwa VAC kwenye CS, akaunti zote zilizokuwa na namba ile ile wakati wa kosa zinakwenda pamoja. Lakini hiyo ni VAC, na VAC yake ni `false`, kwa hiyo hiyo njia imekufa.

Ila Kibao, hapo umenivunja moyo. Kufundisha hakuna anayekukataza, uko Discord unaongea juu ya demo, akaunti ya mwanafunzi hujaigusa. Ukiingia kwenye akaunti ya mtu na kumchezea, huo siyo ukocha tena, ni kubusti, na akaunti inatakiwa kutumiwa na mwenyewe. Ukienda jukwaa kama FACEIT wanaifungia wakikugundua.

Kibao_Tanga #22

Nimekubali kosa, ilikuwa mara moja na kwa sababu alisisitiza.

Nahodha_Muscat #23

Nilisisitiza kweli. Na daraja lenyewe lilishuka ndani ya wiki mbili, nikawa napigwa kama ngoma 🤣

MzeeWaFloti #24

Lazima, unapelekwa kwa watu wa saizi ya Kibao na wewe mikono ni ya saizi yako. Turudi kwa mali. Miezi miwili ya mwisho ulinunua nini kwa bei ya ajabu?

Kibao_Tanga #25

Kuna kisu. Mnakumbuka Oktoba 2025 lile sasisho lililoruhusu kubadilisha skini tano nyekundu zikawa kisu au glovu. Visu vilianguka bei usiku mmoja watu wakawa wanauza kwa hofu. Siku mbili baadaye jamaa wa Discord akanipa kisu chini ya soko kwa kama asilimia 30. Nilijua ni hofu, wote walikuwa hivyo. Nikalipa USDT. Kikakaa siku 7 za ulinzi hakikurudishwa, nikasema kimekuwa changu.

Kobe_Mkavu #26

NDIO HIYO. Mali ya wizi. Kisu kiliibwa kwenye akaunti ya mtu, wewe ndiye uliyeshikwa nacho. Hata huku mtaani ukinunua simu ya wizi polisi wanaanza na wewe.

MzeeWaFloti #27

Inawezekana na siwezi kukataa. Lakini sikiliza. Maana ya ulinzi wa Julai ni kwamba aliyeibiwa ana siku 7 za kubatilisha, anabonyeza kitu kimoja na tredi zake zote za siku hizo zinarudi, halafu yeye anakaa siku 30 bila kutredi. Kisu hakikurudishwa. Kama mwenye nacho alikuwa ameibiwa, basi alilala wiki nzima au akaunti yenyewe hakuwa nayo tena mkononi, ikaja kurudi kwake baadaye. Na mtu aliyenunua kisu kimoja kibaya kwa nia njema, kwa niliyoyaona mimi, huwa hafungwi moja kwa moja hivi. Wanaofungwa ni wale ambao vitu vya wizi vimepita kwao mara nyingi mpaka wanaonekana kama ghala.

Kwa hiyo ama kisu siyo peke yake ama kuna kitu kingine. Kibao, pesa ya kwenye pochi ya Steam uliweka vipi?

Kibao_Tanga #28

Kadi.

MzeeWaFloti #29

Kadi gani, ya benki au ya zawadi.

ShangaziPikseli #30

Amenyamaza saa sita sasa. Nilijua tu, ile hesabu haikuwa imefungana.

Kibao_Tanga #31

Haya niseme ukweli maana nimekuja kutafuta msaada.

Kuna muuzaji Telegram anauza vocha za Steam. Vocha ya dola 20 ananiuzia 13. Naingiza kwenye pochi, nanunua skini ya dola 20 pale sokoni kwa Steam, nasubiri wiki, nauza nje kwa pesa taslimu. Nje bei iko chini ya soko la Steam, ya 20 unapata 15 hivi. Kwa hiyo dola 2 kila vocha bila jasho. Nilifanya kama vocha 40 toka mwezi wa sita. Vocha mbili za mwisho ziligoma, ziliandika zimeshatumika, yule jamaa akanipa nyingine bila ugomvi nikamwona mwaminifu.

Mchawi_wa_Bando #32

Vocha 40!! Wewe ulikuwa wakala kabisa, ulibakia kuweka mwavuli na meza.

ShangaziPikseli #33

Jiulize swali moja, Kibao. Vocha ya dola 20 ni dola 20 kamili, pesa isiyooza. Nani mwenye akili anaiuza 13? Ni mtu ambaye yeye hakulipa 20. Imenunuliwa kwa kadi ya benki ya mtu mwingine huko, mwenye kadi akiona analalamika benki, pesa inarudishwa, vocha inahesabika batili. Ila wewe ulishaiingiza, ukanunua skini, ukauza. Kwa upande wao inaonekana akaunti moja imemeza vocha mbovu na kutoa mali safi. Hebu nikuulize, mhasibu akiliona hilo kwenye kitabu analiita jina gani?

Kobe_Mkavu #34

Bado nasema kisu.

MzeeWaFloti #35

Mimi naegemea vocha kuliko kisu, na hasa zile mbili zilizogoma zilikuwa zinakwambia kitu. Lakini siwezi kuapa. Kuna la tatu pia: masharti yanasema akaunti ni ya matumizi binafsi, siyo biashara. Watu maelfu wanauza nje kila siku na hawaguswi, wanaachwa tu, ila kuachwa siyo kuruhusiwa. Wazee wanakumbuka Juni 2018, OPSkins ilikuwa soko kubwa kabisa la nje, roboti zake zikafungwa na kila kitu kilichokuwa ndani kikabaki huko huko. Walichokuwa nacho pale hakikuwa kidogo.

Nahodha_Muscat #36

Nauliza kitu cha kijinga labda. Si angetumia VPN akafungua akaunti nyingine akahamishia vitu huko?

MzeeWaFloti #37

Vitu havitoki, hiyo ndiyo maana ya kufungwa. Akaunti mpya ataanza na begi tupu, na mpya lazima itumie angalau dola 5 ndani ndiyo ifunguke, kisha kithibitishi cha simu kikae siku 7 la sivyo kila tredi inashikiliwa siku 15. Na VPN usimtajie kabisa, watu waliitumia sana kujifanya wako Uturuki au Argentina bei zilipokuwa za chini, mpaka Novemba 2023 nchi hizo zikahamishiwa dola. Akaongeze kosa lingine la nini.

Mgeni_Bujumbura #38

Nasoma tu kimya toka juzi, ngoja niseme langu. Mimi nilifungiwa kwenye gemu nyingine ya simu, jina naliacha. Nilikuwa nauza dhahabu ya ndani ya gemu kwa watu wa Ulaya. Nilikuwa na akaunti moja ya kuchimba na moja ya kupokelea, nikajiona mjanja. Walipofunga ya kupokelea walifunga zote siku moja, kila iliyowahi kuipa kitu bila kupokea kitu. Ndugu yangu ambaye nilimpa dhahabu ya zawadi siku ya kuzaliwa kwake naye akaenda. Miaka miwili hajanisamehe vizuri. Kibao, angalia nani umemtumia vitu bila wao kukupa kitu, hasa wateja.

Kibao_Tanga #39

Dah. Kuna mwanafunzi mmoja nilimpa skini ya dola 3 kwa kushinda mechi kumi. Nitamwambia.

MzeeWaFloti #40

Hiyo ya Bujumbura ni gemu nyingine na sheria nyingine, hapa sijaona ikienda mbali hivyo kwa zawadi ya dola 3. Lakini mwambie tu.

Cha kufanya: fungua tiketi moja, moja tu, eleza vocha zote bila kujipamba, weka risiti ulizonazo na tarehe. Usifungue tiketi tano za kulia. Ukificha vocha na wao ndiyo wanazo mbele yao, umejimaliza.

ShangaziPikseli #41

Na akisema amejishitaki mwenyewe je? Mzee mimi hapo sikubaliani na wewe. Angesema amenunua vocha kwa muuzaji asiye rasmi bila kujua zimetoka wapi, basi. Siyo kuanza kuorodhesha 40.

MzeeWaFloti #42

Wanazo zote 40 Shangazi, kila namba na saa iliyoingizwa.

ShangaziPikseli #43

Kuwa nazo ni kitu kimoja, yeye kuziita kwa jina ni kitu kingine.

Kobe_Mkavu #44

Taja na kisu pia.

DogoKonami #45

Jamaa wa laki na nusu ameniambia anataka barua pepe kwanza ndiyo alipe. Nimpe?

Mchawi_wa_Bando #46

Dogoooo

ShangaziPikseli #47

USIMPE.

Kibao_Tanga #48

Wakuu mrejesho. Nimefungua tiketi juzi, nimeeleza vocha na kisu kwa kifupi, idadi sikuandika (samahani Mzee). Leo jibu limekuja, bani inabaki na sababu hawaielezi. Kwa hiyo vocha au kisu au biashara yenyewe, sitajua. Nimejaribu kujibu tena, majibu ni yale yale.

Kaka Nahodha, nimekutumia ujumbe, ila niseme hapa ili washuhudie. Dola 96 taslimu sina sasa hivi.

Nahodha_Muscat #49

Nimeuona. 96 gawa kwa 8 ni saa 12. Mimi taslimu sitaki, nataka nitoke hapa nilipokwama. Ila unanifundisha, hunichezei.

Kibao_Tanga #50

Allah akubariki kaka. Leo saa nne usiku kwa saa zangu, kwako saa tano. Lete demo ya Mirage ile uliyofungwa 13 kwa 5, nilishaitupia jicho. Kila ukiua mtu mmoja unabonyeza R hapo hapo risasi ziko 22, na wa pili anakukuta bunduki iko tumboni. Nimehesabu umekufa hivyo mara sita kwenye mechi moja. Tutaanzia hapo.

Nahodha_Muscat #51

Mara sita? Haiwezekani.

Kibao_Tanga #52

Raundi ya 3, 4, 9, 11, 14 na 17. Ya 17 ulibonyeza ukiwa na risasi 28.

Mchawi_wa_Bando #53

Mkuu hizo saa 12 zikiisha na mimi niweke kwenye foleni. Skini sina, nitalipa kwa M-Pesa.